Kugeuza onyesho la hadithi kuwa skripti: mfano mmoja kutoka ufuo wa Dunga

Katika kikundi chetu cha waandishi hapa Kisumu, wiki mbili haziishi kabla swali hili halijarudi: "Nina hadithi, prodyusa anataka skripti, nianzie wapi?" Mwenye swali hufungua simu akanionyesha hadithi nzuri kabisa, kisha akanionyesha anachokiita skripti. Ninakuta ni hadithi ile ile, ila majina ya wahusika yamewekewa nukta mbili na hisia zimetiwa kwenye mabano. Hiyo ni tamthilia ya darasani. Tumeisoma sote shuleni, tukaijibia maswali, na mkono umeizoea. Skripti ya filamu ina sura nyingine, na sura hiyo ina sababu zake: mpiga picha, mwigizaji na mwenye kupanga ratiba kila mmoja anatafuta kitu chake kwenye ukurasa huo huo, na anatakiwa akipate bila kusoma kila neno.

Nimechoka kueleza kwa mdomo kila mara, kwa hiyo nimeandika. Nitachukua onyesho moja fupi na tutaligeuza pamoja mpaka mwisho.

Unachohitaji kabla ya kuanza

Onyesho lako liwe limekamilika kama hadithi. Usijaribu kutunga na kugeuza kwa wakati mmoja, utachanganyikiwa. Lichape kwenye karatasi au liandike kwa mkono, maana kuna hatua ya kuweka alama kwa kalamu. Tafuta kalamu mbili za rangi tofauti.

Kwa upande wa kuandikia, simu inatosha. Kuna mtindo wa kuandika skripti kwa maandishi matupu unaoitwa `Fountain`, uliotolewa mwaka 2012, nao hauhitaji chochote zaidi ya sehemu ya kuandikia. Ukimaliza, faili unaifungua kwenye programu inayoujua mtindo huo, kama `WriterDuet` au `Beat`, nayo inapanga ukurasa yenyewe. Kama una kompyuta yenye `Word` peke yake, vipimo nitakupa mbele.

Onyesho letu

Nimelitunga kwa ajili ya mwongozo huu:

> Akinyi alifika ufuoni Dunga kabla jua halijachomoza, kama alivyofanya kila siku kwa miaka kumi na mmoja. Alikuwa amechoka. Alijua kwamba Otis akimnyima omena leo tena, karo ya Brayo haitapatikana. Mashua ya Otis ilikuwa imeshafika. Akaweka karai chini, akasogea.
>
> "Otis," aliita. "Leo nimekuja wa kwanza."
>
> Otis hakumtazama. Akaendelea kukunja wavu. "Omena wameshanunuliwa," alisema kwa sauti ya chini.
>
> "Na nani?"
>
> Hakujibu. Akamtazama msichana aliyesimama nyuma ya mashua, karai lake limejaa. Akinyi akaelewa kila kitu. Mwaka jana yeye ndiye aliyekuwa akisimama pale.
>
> Simu yake ikalia. Alikuwa mwalimu wa Brayo, akamwambia kwamba mtoto hajafika shule. Akinyi akakata simu, akabeba karai tupu, akaondoka. Alipofika nyumbani alimkuta Brayo amelala.

Hatua ya 1: Kata panapobadilika mahali au wakati

Soma ukiwa na kalamu ya kwanza. Kila mahali ambapo kamera italazimika kuhama, au saa itakuwa imesonga, chora mstari. Hapa mstari ni mmoja tu, kabla ya "Alipofika nyumbani". Sentensi ile moja ya mwisho ni onyesho zima la kujitegemea. Katika hadithi ni maneno matano. Katika filamu ni nyumba ya kutafuta, taa za kubeba, na pengine siku nyingine kabisa ya kazi.

Kosa linalotokea sana hapa ni kulitupa onyesho la nyumbani chini ya kichwa cha ufuoni, yaani ule mstari wa juu unaotaja mahali na wakati, kwa kuwa ni sentensi moja. Mwenye kupanga ratiba anahesabu vichwa. Nyumba isiyokuwa na kichwa haitafutwi na mtu, na siku ya kupiga picha mtasimama ufuoni mkiulizana Brayo analala wapi.

Hatua ya 2: Andika kichwa cha onyesho

Kichwa kina sehemu tatu, zote kwa herufi kubwa, kwenye mstari mmoja: ndani au nje, mahali, na wakati.

```
NJE. UFUO WA DUNGA, KISUMU - ALFAJIRI
NDANI. NYUMBA YA AKINYI - ASUBUHI
```

Skripti nyingi utakazoziona zinaandika `EXT.` kwa nje na `INT.` kwa ndani. Mimi nikiandika kwa Kiswahili natumia NJE na NDANI, kwa sababu waigizaji wetu ndio wa kwanza kusoma. Prodyusa akitaka zile nyingine, unazibadilisha zote kwa mkupuo mmoja mwishoni. Baya ni kuchanganya, ukurasa huu hivi na ule vile.

Kuhusu wakati, jizuie. MCHANA na USIKU zinatosha karibu kila mara, maana kinachoulizwa ni mwanga. ALFAJIRI nimeiweka kwa sababu mashua za omena hufanya kazi usiku kwa taa na kurudi kunapopambazuka, na giza lile linalopauka ndilo onyesho lenyewe. Lakini ujue unachoagiza: mwanga wa alfajiri haudumu, kwa hiyo umewapa watu dakika chache za kupiga picha. Usiandike "SAA KUMI NA MOJA NA NUSU" kwenye kichwa. Mtazamaji hasomi kichwa. Kama saa yenyewe ina maana, muonyeshe saa ukutani au mfanye mtu aitaje.

Hatua ya 3: Jicho, sikio, moyo

Sasa rudi mwanzo wa hadithi na kalamu zote mbili. Kila kinachoonekana, pigia mstari kwa rangi ya kwanza. Kila kinachosikika, kwa rangi ya pili. Kinachobaki bila mstari ni cha moyoni, na hicho kamera haikijui.

Katika onyesho letu, "Akaweka karai chini" ni la jicho. "Leo nimekuja wa kwanza" ni la sikio. Haya hapa ndiyo yaliyobaki bila mstari: kama alivyofanya kila siku kwa miaka kumi na mmoja, alikuwa amechoka, alijua kwamba karo haitapatikana, akaelewa kila kitu, mwaka jana yeye ndiye aliyekuwa akisimama pale. Ukiyatazama, yamebeba hadithi yote. Ukiyafuta tu, unabaki na mwanamke aliyekosa omena akarudi nyumbani.

Kiswahili chenyewe kinakusaidia kuyanusa. Ukiona kitenzi cha "hu-", kama "huamka mapema", hiyo ni desturi, na desturi haipigwi picha. Kinachopigwa picha ni mara moja. Ukiona "alikuwa ame-" au "angali-", umetoka nje ya sasa. Ukiona alijua, alikumbuka, alihisi, alielewa, alitamani, simama hapo hapo.

Hatua ya 4: Ya moyoni yatafutie kitu, au yaache

Hii ndiyo kazi hasa. Mengine yote ni uchapaji. Wanaoanza huwa na njia mbili za mkato, na zote mbovu. Ya kwanza ni kuyahamisha yalivyo kwenye maelezo: "Akinyi anajua kwamba karo haitapatikana." Msomaji wa skripti ataelewa, mtazamaji hatapata chochote. Ya pili ni kumpa mhusika ayaseme: "Ah, Otis, umeninyima tena, na mimi mwaka jana nilikuwa mpenzi wako, sasa karo ya mtoto itatoka wapi?" Hakuna mtu anayemwambia mwenzake jambo ambalo wote wawili wanalijua.

Njia inayofaa ni kuuliza: kuna kitu gani cha kushikika, au kitendo gani, ambacho kikionekana mtazamaji atafika hapo mwenyewe? Tuyapitie.

*Kila siku kwa miaka kumi na mmoja.* Idadi ya miaka iache, haiwezekani kuonekana. Desturi ndiyo inayowezekana. Mwanamke anashuka ufuoni gizani, kamba za mashua zimetapakaa, naye anaziruka moja baada ya nyingine bila kutazama chini. Mtu aliyefika mara ya kwanza angejikwaa. Basi, tumemaliza.

*Alikuwa amechoka.* Futa. Mwigizaji ana mwili, mwachie kazi yake.

*Karo ya Brayo.* Hapa tunahitaji kitu. Mama zetu hufunga pesa na karatasi muhimu kwenye pindo la leso. Pindo likifunguliwa likatoa karatasi ya shule iliyokunjwa mara nne badala ya noti, tumejua. Ila angalia: ukiandika "karatasi ya karo", mtazamaji ataona karatasi tu. Inabidi useme kilichoandikwa na kinachosomeka, kwa mfano SALIO: SH 6,500.

*Mwaka jana yeye ndiye aliyekuwa akisimama pale.* Hili lilinisumbua. Wengi hukimbilia onyesho la kumbukumbu: tunarudi mwaka jana, Akinyi na Otis wanacheka. Hiyo ni siku nyingine ya kupiga picha kwa jambo la sekunde nne. Nilichofanya ni kuwavisha leso. Akinyi ana leso ya maua fulani, imefifia. Yule msichana ana leso ya maua yale yale, mpya. Otis ananunua leso mahali pamoja. Akinyi anaitazama ile, kisha anaitazama yake. "Akaelewa kila kitu" imo humo humo, hatuiandiki tena.

Ukiona jambo la moyoni umelitafutia kitu mara tatu na hupati, uliza kama onyesho linalihitaji kweli. Mara nyingi halilihitaji. Na kama hadithi si yako, mtafute mwenyewe umuulize kabla ya kuongeza vitu kama leso. Umebadilisha kitu, hata kama ni kwa heshima.

Hatua ya 5: Leta vitenzi kwenye sasa

Skripti huandikwa kwa wakati uliopo, kwa sababu inaeleza kinachoonekana kwenye skrini sasa hivi. "-li-" na "-ka-" vyote vinakuwa "-na-": akaweka karai inakuwa anaweka karai. Hali inabaki na "-me-": mashua zimefika, msichana amesimama. Wanaoanza hushikwa na "-ka-", kwa kuwa ndiyo mdundo wa kusimulia tuliolelewa nao, na ukurasa wa pili inarudi yenyewe bila ruhusa. Ukimaliza, pitia ukiitafuta hiyo peke yake.

Jambo la pili ni la lugha yetu tu. "Anamtazama. Anamgeukia. Anamwambia." Nani anamtazama nani? Katika hadithi tunajua kwa mfuatano. Katika skripti mwigizaji anaangalia mistari yake tu, na "a-" haimwambii kama ni yeye. Isitoshe haisemi kama ni mwanamume au mwanamke. Kwa hiyo taja majina, hata yakijirudia, na mhusika anapotokea mara ya kwanza weka jina kwa herufi kubwa, umri kwenye mabano, na neno moja mawili la kumtambua: AKINYI (38), mwanamke mwembamba, leso iliyofifia kiunoni. Baada ya hapo kwenye maelezo anakuwa Akinyi wa kawaida.

Fungu la maelezo lisizidi mistari minne. Kila fungu jipya ni kama jicho limehamia mahali pengine, kwa hiyo huna haja ya kuandika "kamera inasogea".

Hatua ya 6: Majina ya wasemaji na maneno yao

Jina la msemaji linakaa kwenye mstari wake, herufi kubwa, limesogezwa ndani. Chini yake, bila kuruka mstari, maneno. Nukta mbili hakuna, alama za mtajo hakuna, "alisema" na "aliita" zinakufa zote.

Na "kwa sauti ya chini"? Mkono utakuwasha kuitia kwenye mabano chini ya jina la Otis. Nimeitoa. Otis hainui macho, anaendelea kukunja wavu. Mtu wa namna hiyo hatapiga kelele. Mabano yabaki kwa yale ambayo bila hayo mstari utasomwa vibaya: anamwambia nani wakati wako watatu, au anazungumza lugha gani. Mabano `(kwa Kijaluo)` ni ya lazima ikiwa ndivyo unavyotaka, na ni hadithi chache sana za Kisumu zisizoyahitaji.

Chagua jina moja kwa kila mhusika ulishike. Akinyi ni Akinyi kwenye jina la msemaji hata kama mwalimu anamwita Mama Brayo na Otis angeweza kumwita nyar fulani, yaani binti wa fulani. Ukiandika AKINYI hapa na MAMA BRAYO pale, programu itahesabu watu wawili, na nimewahi kuona waigizaji wawili wakiitwa kwa mtu mmoja kwa sababu hiyo.

Nusu ya kwanza imekaa hivi:

```
NJE. UFUO WA DUNGA, KISUMU - ALFAJIRI

Giza linapauka juu ya mafunjo. Mashua tatu zimefika. Taa
zao za omena bado zinawaka.

AKINYI (38), mwanamke mwembamba, leso iliyofifia kiunoni,
karai tupu mkononi, anashuka ufuoni. Anaruka kamba za
mashua moja baada ya nyingine bila kutazama chini.

Anaweka karai mbele ya OTIS (30), mvuvi, anayekunja wavu.

                      AKINYI
          Otis. Leo nimekuja wa kwanza.

Otis hainui macho. Anaendelea kukunja.

                      OTIS
          Omena wameshanunuliwa.

                      AKINYI
          Na nani?

Otis anatazama nyuma ya mashua. MSICHANA (20) amesimama
pale, karai lake limejaa. Leso yake ni ya maua yale yale
ya leso ya Akinyi, ila mpya.

Akinyi anaitazama leso ile. Anaitazama yake.
```

"Hakujibu" haipo. Otis hana mstari baada ya "Na nani?", kwa hiyo hajajibu.

Hatua ya 7: Simu

Simu ni kikwazo cha watu wengi kwa sababu hadithi inasema "akamwambia kwamba". Kwanza geuza kauli ya taarifa iwe kauli halisi: "mtoto hajafika shule" yawe maneno ya mwalimu mwenyewe. Kisha amua kama tunamwona mwalimu au tunamsikia tu. Tukimwona, ofisi yake ni mahali papya na inataka kichwa chake. Hapa hatuna haja ya kumwona, kwa hiyo baada ya jina lake tunaweka (SAUTI). Utakutana na `V.O.` kwenye skripti nyingine, maana yake ndiyo hiyo. Ni tofauti na mtu aliye pale pale ila hayumo kwenye picha, kama anayeita kutoka nyuma ya mashua. Huyo ni (NJE YA PICHA), ambaye wengine humwandikia `O.S.` Tofauti hii ina uzito: wa kwanza anaweza kurekodiwa siku yoyote, wa pili lazima aje ufuoni.

Nusu ya pili naiandika kwa `Fountain`, uone inavyochapwa kwenye simu:

```
Simu ya Akinyi inalia. Anapokea.

MWALIMU (SAUTI)
Mama Brayo? Mtoto hajafika shule.

Akinyi anakata simu. Anafungua pindo la leso: karatasi ya shule, imekunjwa mara nne. SALIO: SH 6,500.

Anairudisha. Anabeba karai tupu, anaondoka.

.NDANI. NYUMBA YA AKINYI - ASUBUHI

BRAYO (14) amelala kwenye kochi, viatu vya shule mguuni.
```

Viatu ni vyangu, havikuwa kwenye hadithi. Vinatuambia alitoka akarudi.

Hatua ya 8: Panga ukurasa

Ukitumia `Fountain`, programu inafanya yote. Weka tu karatasi kuwa A4, kwa sababu nyingi huanza na karatasi ya Kimarekani ambayo ni fupi kidogo, na ukichapisha huku mistari inaweza kuhama.

Ukitumia `Word`: mwandiko ni `Courier New` au `Courier Prime`, ukubwa 12. Usiubadilishe, kwani herufi zake zote zina upana mmoja, na ndiyo maana ukurasa mmoja unakadiriwa kuwa dakika moja ya filamu. Pambizo ya kushoto ni sentimita 3.8, nyingine zote 2.5. Maneno ya wahusika yasogeze ndani sentimita 2.5 kutoka pambizo ya kushoto na 3.2 kutoka ya kulia. Mabano sentimita 4.1 ndani, jina la msemaji 5.6. Nafasi kati ya mistari ni moja, si moja na nusu.

Sogeza kwa kutumia rula au mpangilio wa aya, kamwe usibonyeze kitufe cha nafasi mara ishirini. Nililipia kosa hili. Skripti yangu ya kwanza niliipanga kwa nafasi, nikaibeba kwenye flashi mpaka saiba moja mjini nikachapishe. Mashine yao haikuwa na mwandiko wangu, ikaweka mwingine, na kurasa kumi na nane zikatoka majina yakiwa yametawanyika kama omena kwenye turubai. Mkutano ulikuwa saa nane, na saa ilikuwa saba na nusu. Tangu siku hiyo naenda na PDF tu.

Mambo yakiharibika

*Kichwa cha NDANI au NJE kinatokea kama maelezo ya kawaida, au kama jina la mtu.* `Fountain` inatambua vichwa vinavyoanza na `INT` au `EXT`, Kiswahili haikijui. Weka nukta mwanzoni mwa mstari kama nilivyofanya juu. Ndiyo tatizo la kwanza la kila mtu anayeandika kwa lugha yetu.

*Maelezo yamegeuka kuwa msemaji.* Umeandika mstari wote kwa herufi kubwa, na hukuruka mstari baada yake. Programu inadhani ni jina. Ruka mstari, au weka alama ya mshangao mwanzoni:

```
!MLIO WA INJINI.
Mashua ya nne inaingia.
```

*KATA HADI: imekaa kushoto.* Programu hutambua mpito, yaani mstari wa kuhamia onyesho jingine, ukiishia na `TO:`. Chapa `> KATA HADI:` nayo itahamia kulia. Lakini jiulize kama unaihitaji. Kichwa kipya tayari ni mkato.

*Jina liko kushoto na maneno yake yametengana nalo.* Umeruka mstari kati ya jina na maneno. Au jina lina herufi ndogo: "Mama BRAYO" halitambuliki, "MAMA BRAYO" linatambuliwa.

*Onyesho dogo limekula kurasa tatu.* Angalia kwanza nafasi kati ya mistari. Ikiwa ni sawa, basi umebeba sentensi za hadithi nzima nzima. Onyesho letu lote linaingia kwenye karibu ukurasa mmoja. Kumbuka pia kwamba safu ya mazungumzo inabeba herufi kama 35 tu, na maneno yetu ni marefu; "wameshanunuliwa" peke yake ni herufi 15. Hotuba ya sentensi tano itaonekana kama mnara. Ukiona mnara, kata katikati kwa kitendo, mtu afunge fundo la wavu, au mwambie mhusika anyamaze mapema.

*Mwigizaji anasoma na kuuliza, "Hapa nafanya nini?"* Rudi hatua ya tatu na kalamu zako. Kuna mstari wa moyoni umejificha kwenye maelezo, na kwa kawaida umeanza na "anajua".